Hitimisho la makala: mfano wa mwani wa Mlingotini

Tuseme umewaandikia wakulima wa mwani wa Mlingotini, Bagamoyo, makala ya maneno 900 kuhusu faida ya kuanika mwani juu ya chanja badala ya mchangani. Katikati umeeleza vizuri. Mwishoni umeandika hivi:

"Kwa kuhitimisha, kama tulivyoona hapo juu, ukaushaji bora wa mwani ni muhimu sana kwa maendeleo ya wakulima na taifa kwa ujumla. Hivyo basi, wadau wote hatuna budi kushirikiana ili kuongeza thamani ya zao hili."

Sasa futa neno mwani, weka korosho au mkonge. Aya inasimama vilevile, maana yake haijabeba chochote cha makala yako. Na hilo neno "wadau" ndilo linaloharibu zaidi, kwa sababu kila anayelisoma hudhani anaambiwa mwenzake.

Hitimisho lina sehemu mbili: muhtasari, kisha wito, yaani jambo unalomtaka msomaji alitende. Tuanze na muhtasari. Wengi hurudi juu, wakakusanya vichwa vidogo na kuviunga kwa "pia" na "vilevile". Hiyo ni orodha ya yaliyomo. Chagua kwa swali moja: msomaji akisahau makala nzima, ni jambo gani likimtoka litamtia hasara? Kwa makala ya maneno 900 utapata mawili, pengine matatu. Kila moja liandike pamoja na sababu yake, kwani "usianike mchangani" peke yake ni amri, na mkulima aliyeanika mchangani miaka yote hana haja ya kukutii.

Kisha wito. Uwe mmoja. Ukimwambia ajenge chanja, ajiunge na kikundi, awapigie maofisa simu na awatumie wenzake makala, atafanya lililo jepesi, yaani kutuma, na chanja haitajengwa. Mwambie "wewe" au tumia kitenzi cha kuamuru moja kwa moja, na kazi yenyewe iwe ya kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukimaliza. Chanja ya kutosha mavuno yote ni gharama, ya kujaribia si kubwa. Angalia pia wito wako usimtie matatani: ukisema "kata fito" pwani yetu, wengi watawaza mikoko, na mikoko haikatwi bila kibali. Taja mianzi.

Hitimisho lile lile, likiandikwa upya:

"Kumbuka mambo mawili. Mwani unaoanikwa mchangani hushika mchanga ukiwa bado mbichi, na ukishakauka nao kuutoa ni kazi. Mwani ulionyeshewa mvua ukiwa unakauka hupungua ubora, kwa hiyo turubai liwe karibu na chanja. Kabla ya bamvua lijalo, tengeneza chanja moja ya mianzi, mita 2 kwa 1, iliyofika kiunoni, utandike wavu chakavu juu yake. Anika hapo mwani wa kamba chache, uliobaki uanike kama kawaida, kisha mwonyeshe mnunuzi mafungu yote mawili."

Tazama muda uliotajwa. "Hivi karibuni" haina mwisho, na "tarehe 15" hufa tarehe 16, ilhali makala inaweza kuendelea kusomwa kwenye simu miezi mingi. Bamvua halichakai. Mkulima wa mwani hupanga kazi zake kwa kulifuata, kwa kuwa ndipo maji hupwa sana akafika shambani kwa miguu, nalo hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukiwaandikia watu wengine, tafuta kalenda wanayoishi nayo: siku ya gulio, kufunguliwa shule, mwanzo wa vuli.

Kosa jingine hujificha. Ukiandika mwisho, hukujia wazo jipya, kama hilo turubai. Usiliache likatokea hapo kwa mara ya kwanza. Lirudishe katikati ya makala ulieleze kwa nafasi, pamoja na namna ya kufunga mianzi na kuvuta wavu usilegee, ndipo mwisho uliguse tu. Urefu wa hitimisho uwe kama sehemu ya kumi ya makala, na baada ya wito usiongeze shukrani wala dua. Zikija nyuma yake, huusukuma wito katikati ya aya, na anayepitisha macho haraka hauoni.

Kabla ya kuitoa makala, mpe mtu aya hiyo ya mwisho peke yake, bila mengine, kisha muulize atafanya nini na lini. Akijibu "nimeelewa, ni nzuri", wito haujamfikia. Akikuuliza turubai la nini wakati wa jua kali, au wavu ufungweje, wito umefika. Hapo fungua makala uangalie kama majibu yamo.