Nenosiri ni sahihi, lakini printa inalikataa

Kama simu mpya inaingia kwenye waifai kwa nenosiri lile lile ambalo printa ya zamani inalikataa, acha kuliandika upya. Huenda tatizo ni aina ya ulinzi. Ruta nyingi za sasa zina WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, na vifaa vingi vya kabla ya hapo vinajua WPA2 tu. Zote mbili hutumia nenosiri, ila namna ya kulithibitisha ni tofauti. Kifaa cha zamani huona jina la mtandao, hujaribu kwa njia yake, hushindwa, na mara nyingi hutoa ujumbe ule ule mmoja: nenosiri si sahihi.

Dada yangu ana duka la steshenari. Alipofungiwa ruta mpya, printa yake ikagoma, na akashauriwa anunue nyingine. Nilimwomba asitoe hela kabla hatujafanya jaribio moja. Niliwasha hotspoti kwenye simu yangu ya Android, sehemu ya Security nikachagua WPA2-Personal, bendi ikawa 2.4 GHz, nenosiri nikaweka lile lile la ruta. Printa ikaingia. Kwa hiyo printa ilikuwa nzima na nenosiri liliandikwa sawasawa. Ingekataa hata hapo, ningeichunguza printa yenyewe.

Tukafungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chake (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1). Ulinzi ulikuwa WPA3-Personal. Tukabadilisha kuwa WPA2/WPA3-Personal, na printa bado ikakataa. Hilo hutokea: katika hali hiyo ya mchanganyiko ruta hutangaza njia zote mbili kwa pamoja, na baadhi ya vifaa vya zamani hushindwa kuelewa tangazo hilo.

Wengi hapo hukimbilia mtandao wa wageni. Kwa televisheni unafaa, lakini kwa printa una kasoro: ruta kwa kawaida huutenga na mtandao mkuu, hivyo printa itaunganishwa, lakini kompyuta haitaiona. Sisi tuliipa bendi ya 2.4 GHz jina lake peke yake na ulinzi wa WPA2-PSK (AES), jina jingine la WPA2-Personal, na ile ya 5 GHz tukaiacha kwenye WPA3. Kisha tukafuta mtandao uliohifadhiwa kwenye printa na kuuingiza upya, maana kifaa kinaweza kuendelea kutumia mipangilio ya zamani. Ikaanza kuchapa.

Usishuke chini ya WPA2 yenye AES. Udhaifu wa WEP, ulinzi wa kabla ya WPA, umejulikana tangu 2001, na TKIP, njia ya usimbaji iliyotangulia AES, mbali na udhaifu wake, hushusha kasi ya waifai hadi 54 Mbps. Kifaa kisichojua WPA2 kabisa, kiunganishe kwa waya.