Saw palmetto kwa mzee anayeamka usiku kukojoa: pima kwanza kibofu kinabakiza kiasi gani

"Wakuu, mzee wangu ana miaka 68. Usiku anaamka mara nne mpaka tano, mkojo unatoka kidogo kidogo na kukatika. Hospitali hataki kusikia, anasema ni uzee tu. Nimeona vidonge vya saw palmetto vinauzwa, wanasema vinasinyaza tezi dume. Nimnunulie? Kuna aliyewahi kuvitumia?"

Mkuu, nimevitumia. Nina sitini na ushee, tezi yangu imetanuka, na binamu yangu aliye Marekani alinitumia chupa baada ya daktari kuwa ameshanipima. Havikunidhuru, ila mkojo ulibaki vilevile. Kwa hiyo kama swali ni vidonge tu, jibu langu ni fupi: hela yako. Kinachonifanya niandike kwa urefu ni hayo maneno "hospitali hataki kusikia", kwa sababu baba yangu mdogo naye alikuwa anasema hivyohivyo.

Ba'mdogo yuko Muheza, wakati huo ana miaka 71. Huyo binamu ni binti yake, na vidonge vilianzia kwa huyo mzee kabla ya kunifikia mimi. Kule Marekani vinauzwa madukani kama vitamini, havihitaji cheti cha daktari. Mzee akavipokea kwa furaha, akavinywa asubuhi na jioni, na ukimpigia simu anakwambia vinafanya kazi, siku hizi halazimiki kukazana kama zamani. Binti akatuma tena.

Siku nilipokwenda kumsalimia nilikuta godoro limeanikwa uani. Mama mdogo akaniambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba linaanikwa kila asubuhi. Mzee analowesha kitanda bila kujua, na mchana suruali inapata majimaji. Chakula hakitaki, anajikuna mwili mzima, anasikia kichefuchefu. Walishamtibu malaria na vidonda vya tumbo. Kuhusu mkojo hakuna aliyeuliza, maana si alikuwa anakojoa? Tena mara nyingi.

Tulimpeleka. Tabibu alimlaza, akamfunua tumbo, na hata mimi nisiye mtaalamu niliona uvimbe kati ya kitovu na kinena. Akagonga kwa vidole, mlio mzito. Akambonyeza na kumuuliza kama anaumia. Mzee akajibu hapana, anasikia tu kama mkojo unataka kuja. Ultrasaundi baada ya kukojoa ilionyesha kibofu bado kina zaidi ya lita moja. Mtu wa kawaida anabanwa kikifika mililita 300 au 400, na akimaliza kukojoa hubakiza kidogo sana. Figo zote mbili zilikuwa zimejaa maji, na kriatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, ilikuwa mikromoli 480 kwa lita wakati ya mtu mzima mwenye figo nzuri huwa chini ya 110 hivi.

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo pale chini ya kibofu. Ikitanuka inaubana, kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na mwanzoni msuli wake unanenepa na kuwa mkorofi, ndiyo maana mtu anabanwa ghafla na kuamka usiku. Miaka ikienda msuli unachoka. Kibofu kinajinyoosha polepole, kinabeba mkojo mwingi, na kwa kuwa kimenyooka polepole hakiumi. Kinachotoka ni kile kinachofurika tu, matone mchana na kulowa kitandani usiku. Mkojo uliobaki unarudisha shinikizo juu mpaka kwenye figo. Kwa hiyo mzee aliposema halazimiki kukazana tena, alikuwa anasema kweli. Msuli ulikuwa umeshakata tamaa.

Walimwekea mpira wa mkojo siku hiyohiyo. Usiku ule alitoa mkojo mwingi mno, wauguzi wakawa wanapima kila saa na kumrudishia maji na chumvi, kwa sababu figo zilizofunguliwa baada ya kuzibwa muda mrefu zinaweza kumwaga maji mpaka mtu akaishiwa. Baada ya wiki hivi kriatinini ilishuka ikafika 170, na haijawahi kurudi chini ya hapo. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, walikiahirisha kwa wiki kadhaa, maana mpira na maambukizi ya mkojo vinakipandisha hata pasipokuwa na saratani. Mwishowe akafanyiwa upasuaji wa kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, nyama ikapelekwa maabara, ikaonekana haina saratani. Anakojoa. Godoro halianikwi. Ila dawa nyingi za maumivu amekatazwa kwa ajili ya figo, na kliniki anakwenda mpaka leo.

Sasa turudi kwenye vidonge. Saw palmetto ni mti mfupi wa jamii ya mnazi wa kusini mashariki mwa Marekani, hasa Florida, na dawa inatokana na matunda yake. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga: majimaji ya tunda hilo yakijaribiwa maabara yanazuia kwa kiasi kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na finasteride, dawa ya hospitali inayosinyaza tezi kweli. Tatizo ni lilipofika kwa watu. Mwaka 2006 watafiti wa California walichapisha jaribio la wanaume 225 waliofuatiliwa mwaka mzima, nusu wakipewa saw palmetto miligramu 160 mara mbili kwa siku na nusu vidonge bandia vilivyofanana. Hakukuwa na tofauti, si kwenye kero, si kwenye kasi ya mkojo, si kwenye ukubwa wa tezi. Watu wakasema dozi ilikuwa ndogo. Mwaka 2011 likaja lingine la wanaume 369, dozi ikapandishwa mpaka mara tatu ya ile ya kwanza, wiki 72. Makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, na lile la vidonge bandia lilipata zaidi kidogo.

Hiyo nafuu ya vidonge bandia ndiyo inayowauzia watu chupa. Kero za tezi zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe, na mtu huanza dawa siku zikiwa mbaya. Akisubiri, zinashuka, na chupa inapewa sifa. Kwa kutenda haki niseme Ulaya kuna aina moja inayokamuliwa kwa kemikali ya heksani, na madaktari wa mkojo wa huko wanakubali apewe mtu anayeogopa madhara ya dawa nyingine kwenye mambo ya ndoa, wakimwambia wazi kwamba faida ni ndogo. Vidonge vingi utakavyoviona vikitangazwa si hivyo. Vingine ni unga wa tunda lililokaushwa na kusagwa, kwa hiyo hata namba kubwa ya miligramu kwenye lebo haikwambii kitu.

Nikirudi kwa mzee wako. Kuamka usiku mara nne peke yake hakujakwambia kwamba ni tezi. Mpe jagi la kupimia na daftari, kwa siku tatu aandike kila anapokojoa saa ngapi na kiasi gani. Kama usiku anatoa kidogo kidogo, mililita 80, 100, tatizo huenda liko kwenye kibofu au njia yake. Kama kila mara anajaza mililita 300 au 400, na mkojo wa usiku unazidi theluthi ya wote wa siku nzima, basi mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku, na hapo angalia miguu kama inavimba jioni, moyo, kisukari, au kidonge cha presha cha kukojosha anachokunywa jioni badala ya asubuhi. Tezi haina kosa hapo. Na uliza anakunywa nini akipata mafua. Piriton inaweza kumzibia mkojo kabisa mwenye tezi kubwa. Nimeona mtu analetwa hospitali analia kwa sababu hiyo tu.

Hospitali vipimo vya kuanzia si vingi: mkojo, sukari, kriatinini, ultrasaundi ya figo na kibofu kabla na baada ya kukojoa, halafu daktari azungumze naye kuhusu PSA na kupima tezi kwa kidole. Najua hicho kidole ndicho wazee wengi wanachokimbia. Ni chini ya dakika moja na mlango unafungwa. Kinamwambia daktari kama tezi ni laini au ina kigumu, jambo ambalo ultrasaundi ya tumbo hailioni vizuri, kwa kuwa saratani mara nyingi inaanzia upande wa nyuma wa tezi, mbali na mrija, na mwanzoni haisumbui mkojo hata kidogo. Mkojo wa damu ni habari nyingine, hasa kwa sisi wa pwani na kanda ya ziwa tulioogelea kwenye kichocho utotoni: kibofu nacho kinapata saratani. Na mtu aliyewahi kuugua kisonono au kuwekewa mpira anaweza kuwa na kovu kwenye mrija, ambalo hakuna kidonge kitakacholifungua.

Mkojo ukigoma kabisa, au akitetemeka kwa homa, au miguu ikaisha nguvu pamoja na maumivu ya mgongo, usisubiri miadi, mpeleke usiku huohuo.

Akishapimwa na kuonekana ni tezi ya kawaida, kero ndogo, anaweza asipewe dawa yoyote zaidi ya kupunguza chai ya usiku. Zikiwa kubwa wengi huanzishiwa tamsulosin, ambayo mimi natumia, na huonyesha kazi ndani ya siku chache. Angalizo lake ni kizunguzungu akiinuka ghafla, basi akae kwanza kitandani kidogo. Finasteride inataka miezi sita, na inashusha PSA kama nusu, kwa hiyo daktari anayesoma kipimo lazima ajue anaitumia. Baada ya hapo bado anautaka mnazi wa Florida? Anywe, miligramu 320 kwa siku, pamoja na chakula ili tumbo lisisumbue, ila asinywe kama anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, na amtajie daktari kabla ya upasuaji wowote.

Akikataa kwenda, mwambie unampeleka kupima presha na sukari, hivyo viwili wazee hawavikatai, kisha mwombe daktari aongeze ultrasaundi. Majibu yakitoka tuwekee hapa ile namba ya mkojo uliobaki baada ya kukojoa. Ikiwa chini ya mililita 100 tutaongea taratibu. Ikizidi 300, muulize daktari papo hapo kriatinini ni ngapi kabla hamjaondoka.