Maswali na majibu: projekta ya msaada na laptopu ya kizamani

Sikubahatika kusoma toleo lililopita. Wenzangu ofisini hawaishi kumtaja mwalimu wa kijijini aliyeunganisha projekta na laptopu zisizoingiliana. Ilikuwaje? (Mwalimu, Sumbawanga)

Mwalimu huyo anafundisha Biolojia katika shule ya kata, wilayani Ludewa. Wafadhili walileta projekta ndogo ya taa ya LED, mpya, na ndani ya boksi waya mmoja wa HDMI. Mkuu wa shule akapokea, picha zikapigwa, wageni wakaaga. Jioni mwalimu akaenda kuchukua laptopu ya ofisini, ile inayochapiwa mitihani, akaigeuza huku na huku. Hakuna HDMI. Ubavuni kuna tundu pana la bluu, vishimo kumi na vitano katika safu tatu, na nafasi ya skrubu kila upande. Hiyo ni VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987. HDMI toleo la kwanza lilitoka Desemba 2002, na hata baada ya hapo laptopu za ofisini ziliendelea kutengenezwa na VGA kwa miaka mingi. Projekta nayo ilikuwa na HDMI, USB na tundu la sauti, basi.

Wengi wangeirudisha stoo. Yeye aliona lile tundu la USB. Somo la kesho yake lilikuwa moyo na mzunguko wa damu, na slaidi alikuwa nazo tayari kwenye PowerPoint. Projekta za namna hii nyingi hazisomi PowerPoint, ila picha za JPG na video za MP4 zinasoma. Kwa hiyo akafungua Save As, akachagua JPEG, na alipoulizwa akabonyeza Every Slide (matoleo mapya yanaandika All Slides). Kila slaidi ikawa picha. Akazitia kwenye flashi, akachomeka moja kwa moja kwenye projekta.

Asubuhi, baada ya slaidi ya kwanza ikaja ya kumi, kisha ya kumi na moja, na ya pili ikachelewa mpaka huko mbele. Projekta ilikuwa inapanga majina kwa herufi, si kwa hesabu, na kwa herufi Slide10 inatangulia Slide2. Akazibadilisha majina ziwe 01, 02, 03 na kuendelea, mambo yakakaa sawa. Kwa shule isiyo na hela ya adapta wiki hii, njia hiyo inatosha kabisa kufundishia. Kasoro yake ni kwamba slaidi zinazocheza hazichezi tena, na huwezi kuandika kitu darasani kikaonekana ukutani. Ndiyo maana aliendelea kutafuta, na yaliyompata huko yamo katika majibu yanayofuata.

Dukani nimeuziwa waya wenye VGA huku na HDMI kule, kwa bei poa. Projekta inaandika No Signal tu. Ni mbovu? (Mwalimu wa kike, Tabora)

Dada, huenda waya ni mzima ila hauwezi kazi unayoupa. VGA hupeleka picha kwa umeme unaopanda na kushuka: pini moja ni ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, na mwanga wa kila nukta unategemea umeme uliopo kwenye pini hizo, kuanzia sifuri hadi takriban volti 0.7. HDMI haielewi habari hizo. Yenyewe inataka picha iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu. Shaba peke yake haigeuzi kitu. Lazima katikati pawepo chipu, na chipu inahitaji umeme wake.

Ndiyo sababu adapta ya kweli ya kutoka VGA kwenda HDMI huwa na kichwa kinene kidogo na kijiwaya cha USB kinachoning'inia. Kijiwaya hicho ndicho kinachoilisha volti 5. Waya mwembamba usio na kichwa kinene wala mkia wa USB, jua hauna chipu ndani. Mrudishie muuzaji mapema, kabla hujatupa karatasi yake.

Adapta ziko nyingi na zote zimeandikwa VGA na HDMI. Nikimwagiza mtu mjini nimwambieje asije akakosea? (Mzazi, mjumbe wa bodi ya shule)

Hapa ndipo mwalimu wetu alipopoteza muda mwingi kuliko pengine popote. Alimwagiza mpwa wake Kariakoo, adapta ikaja kwa basi, ikagoma kuingia kwenye waya wa projekta. Ilikuwa ya kutoka HDMI kwenda VGA. Adapta hizi zinakwenda upande mmoja tu. Ukizigeuza hazifanyi lolote.

Usimwambie mtu "niletee adapta ya VGA na HDMI". Mwambie aangalie vichwa. Laptopu yako ina vishimo, kwa hiyo upande wa VGA wa adapta lazima uwe na pini, na upande wa HDMI uwe na tundu, ili waya wa projekta uingie humo. Akishika yenye kichwa cha HDMI kinachochomekwa na vishimo vya VGA, aiache. Hiyo ni ya wenye laptopu mpya na projekta ya zamani. Halafu athibitishe mkia wa USB upo. Aipige picha akutumie kwenye simu kabla ya kulipa. Kwa macho tu utajua.

Ulisema adapta sahihi ilipofika, damu kwenye mchoro ilionekana nyeusi. Taa ya projekta ilikuwa imeharibika? (Mwanafunzi wa chuo cha ualimu)

Projekta haikuwa na neno. Ukuta mweupe wa slaidi ulitoka na rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na mishipa yote iliyochorwa kwa nyekundu ikawa nyeusi. Wanafunzi walicheka, lakini mwalimu alisoma dalili: kilichokosekana ni nyekundu peke yake. Vitu vya bluu na kijani vilibaki na rangi yake.

Kila rangi ina pini yake, kwa hiyo rangi inayopotea inakuonyesha pa kutazama. Nyeupe ikigeuka samawati ya kijani, nyekundu haifiki, nayo ni pini namba 1. Ikigeuka zambarau ya waridi, kijani ndiyo haipo, pini namba 2. Ikigeuka njano, tafuta bluu, namba 3. Zote tatu ziko safu ya upande mpana wa kichwa, na namba 1 iko pembeni kabisa.

Alipochomoa adapta na kuimulika kwa tochi ya simu, ile ya pembeni ilikuwa imelala ubavu. Mtu aliichomeka ikiwa imekaa upande, akasukuma kwa nguvu. Akachukua mrija mtupu wa kalamu, ile ncha ya plastiki nyembamba, akaivika juu ya pini na kuinyanyua taratibu mpaka ikasimama sambamba na wenzake. Usitumie koleo, na usiirudishe mara nyingi huku na kule, maana pini ikichoka hukatika na hapo adapta imekwisha. Baada ya hapo damu ikarudi kuwa nyekundu.

Jambo moja la kukutoa wasiwasi: ukihesabu pini ukakuta katika safu ya kati moja haipo kabisa, si lazima iwe imekatika. Nyaya nyingi za VGA hutengenezwa bila pini namba 9, na picha inatoka kama kawaida.

Adapta ninayo ya aina uliyoitaja, mkia wa USB nimechomeka, bado No Signal. (Mwalimu, Kwale)

Fuata mpangilio huu, mwalimu. Chomeka USB kwanza ili adapta iamke, kisha waya wa HDMI, kisha VGA kwenye laptopu ukikaza skrubu. Kwenye rimoti ya projekta bonyeza Source au Input, uchague HDMI yenyewe. Nyingi zikiwashwa hukaa kwenye USB au ukurasa wake wa mwanzo.

Ikiwa bado, tatizo ni laptopu kutojua kama kuna kioo cha pili. Kwenye Windows 7 na zilizofuata, shikilia kitufe cha Windows ubonyeze P, halafu chagua Duplicate. Kwa Windows XP tumia Fn pamoja na kitufe cha juu chenye mchoro wa kioo. Ikija picha kisha ikazima, au inarukaruka, punguza ukubwa wa picha hadi 1024x768 kwenye Screen resolution au Display settings. Laptopu nyingi za rika hilo zina kioo cha 1366x768, na ukubwa huo adapta za bei nafuu na projekta hazielewani nao kila mara.

Kama laptopu ina tundu lingine la USB, jaribu hilo pia. Matundu yaliyochakaa hutoa umeme hafifu. Chaja ya simu ya volti 5 nayo inaweza kuilisha adapta.

Picha safi, sauti hakuna.

VGA haibebi sauti. Baadhi ya adapta zina katundu ka hedifoni. Unapitisha waya wa AUX kutoka laptopu hadi pale, na sauti inaingia kwenye HDMI. Mimi ningeacha hayo. Spika za projekta ndogo hazisikiki nyuma ya darasa la watoto sitini. Peleka huo waya wa AUX moja kwa moja kwenye sabufa au redio.

Shule yetu haina umeme wa gridi, tuna sola yenye betri moja ya N100. Tutaweza? (Mkuu wa shule, Mpanda)

Mkuu, mtaweza vipindi kadhaa. Soma kibandiko nyuma ya projekta na kwenye chaja ya laptopu. Tuseme projekta ni wati 80 na chaja ni wati 65, jumla 145. Inveta nayo inakula chake, hivyo betri itatoa kama wati 170. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 ikiwa mpya na imejaa, lakini za risasi na tindikali zikishushwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Chukua 600. Gawanya kwa 170, unapata kama saa tatu na nusu, ikiwa taa za ofisi na simu za walimu hazichajiwi hapohapo.

Laptopu ikiwa na betri nzima, ichajiwe mchana jua likiwa kali na itumike darasani bila chaja. Mnaokoa wati hizo, na kama kulikuwa na mistari inayopanda polepole juu ya picha, mara nyingi chaja ikichomolewa mistari nayo inaondoka. Projekta ndogo za LED mwanga wake si mkali, kwa hiyo madirishani wekeni vitenge vizito. Inveta ikianza kulia, zimeni projekta kwa kitufe chake kabla ya kugusa swichi ya inveta.