Neno la bwana harusi kwa wakwe wa Kihispania

Jumamosi nilikaa kwenye harusi ya kijana wetu hapa Saragosa, nikamsikia akiwaambia wakwe zake «ustedes», ile ninyi ya heshima, mwanzo hadi mwisho. Ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, kwetu mshenga hukusemea. Huku hakuna mshenga: keki ikikaribia, utasimama mwenyewe. Basi nisikilizeni.

1. Nusu dakika inatosha. Baba wa bibi harusi ndiye kwa kawaida padrino, yaani msimamizi wa harusi, na hotuba ndefu, kama ipo, muachieni yeye.

2. Wakwe wa Hispania ni «vosotros», ninyi ya watu wa karibu. Mnajifunzia kwa masomo ya Amerika ya Kusini, ambako «ustedes» ni ninyi wa kila siku. Saragosa, «ustedes» ni ya karani wa benki, na mama mkwe aliyekupikia miaka miwili anahisi umemrudisha mlangoni. (Mkioa Kolombia au Meksiko, tumieni hiyo hiyo «ustedes».) Wala si jambo gumu kwetu. Katika «nawapenda», ile «wa» inakaa kabla ya kitenzi, na Kihispania kinafanya vilevile: «os quiero». «Nakupenda» ni «te quiero». Tena kama «nawapenda» isivyohitaji «mimi», «os quiero» haihitaji «yo». Anayejaza «yo, yo, yo» kakipitishia Kihispania chake kwenye Kiingereza.

3. «Ser» na «estar». Vyote viwili ni «kuwa»: «es» ni ya «ser», «está» ni ya «estar». Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoumia.

Wiki ya harusi yangu tulikula kila siku kwa wakwe. Walipika ternasco, kondoo mchanga wa Aragoni, na kila mtu mezani akasema «está muy bueno». Nikalishika kama sifa ya juu kabisa. Siku ya siku nikasimama, nikamtazama baba mkwe, nikataka kusema binti yenu ana moyo mwema. Nikasema: «Vuestra hija está muy buena».

Meza ya mabinamu ililipuka kwa kicheko. Baba mkwe akainamia kitambaa cha meza. Mke wangu alishika mkono wangu chini ya meza, akaubana, na uso wake ulikuwa umeiva. Nikadhani wamefurahi, nikarudia kwa sauti zaidi. Shemeji akaja kuninong'oneza: «Es, no está». Kwa chakula, «está bueno» ni kitamu. Kwa mwanamke, «está buena» ni maneno ya kijana wa kijiweni anayetazama umbo la mtu. Niliyasema kwa baba yake, mbele ya bibi yake, mara mbili.

Kosa hili lina mzizi kwetu. Kiswahili kina «ni» na kina «yuko», lakini kwa wema tunasema «ni» tu, basi hatuna mazoea ya kuchagua. Chukueni hivi: tabia ya mtu ni «es», na ladha ya sahani iliyo mbele yako ni «está». Asubuhi yake nilikwenda kwa baba mkwe peke yangu, nikamwambia «vuestra hija es buena». Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia kahawa. Miaka imepita na sijausahau ule ukimya wake wa mezani.

4. Matamshi. «Hija» tamkeni «ikha», kwa kh ile ya kheri, h haisikiki. Ñ ni ny ya nyumba, basi mkitaja miaka, semeni «anyos». Mkisema «anos» mmetaja sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi yao ni hivyo hivyo. Lakini ukiona alama juu ya herufi, kama katika «corazón», mkazo uhamie hapo.

5. Asiyekunywa pombe asiinue maji: wengi huku huamini kutakiana heri kwa maji huleta nuksi. Ombeni «mosto», juisi ya zabibu isiyochachuka.

Kijana wa Jumamosi alinifuata baadaye akaniuliza yeye angesema nini. Nilimwandikia haya nyuma ya karatasi ya chakula, nayo nawapa ninyi pia:

«Queridos suegros, querida familia: gracias por abrirme las puertas de vuestra casa. Vuestra hija es buena, y sé de quién lo ha aprendido. En mi lengua decimos asanteni: gracias a todos vosotros. Os quiero mucho. ¡Por vosotros!»

Yaani: asanteni kwa kunifungulia milango ya nyumba yenu, binti yenu ni mwema, na najua kajifunza kwa nani. «Asanteni» msiitoe. Ile «ni» ya mwisho ndiyo «vosotros» yenyewe, na mkiwaeleza hivyo watairudia pamoja nanyi. Kisha inueni glasi, mtazame kila mmoja machoni, na mtu akipiga kelele «¡Vivan los novios!», yaani waishi maharusi, kaeni chini, ni zamu yao.