Kiti kilichoagizwa mtandaoni

"Nimeigawa skrini ya video yangu ya mzaha: juu kiti nilichotarajia, chini kiti kidogo kilichofika. Mbona watu hawacheki?"

Hawacheki kwa sababu nusu zote mbili zinacheza kwa pamoja, na jicho linakiona kiti kidogo kabla mzaha haujaandaliwa. Kugawa skrini kushoto na kulia kunafaa kwa mzaha wa gauni, kwa kuwa mtu aliyesimama anaenea katika safu nyembamba. Kwa kiti, katika video ya wima ya pikseli 1080 kwa 1920, mgawanyo wako wa juu na chini unafaa zaidi.

Anza kwa kuchezesha nusu ya juu pekee: kiti kikiwa peke yake, kamera ikiwa chini, bila mkono wala kitu chochote kinachofichua ukubwa, huku nusu ya chini ikionyesha boksi lililofungwa, tuli na bila sauti. Baada ya sekunde 3 hivi, igandishe picha ya juu, ukate muziki wake ghafla, kisha boksi lifunguliwe na vidole viwili vikitoe kiti na kukiweka mahali palepale, mbele ya ukuta uleule, kwa pembe ileile ya kamera. Usiiondoe picha ya juu, kwani mtazamaji atairudia kulinganisha.

Maneno MATARAJIO na UHALISIA yakae karibu na mstari wa katikati, kwa maana ukingo wa chini mara nyingi hufunikwa na maelezo ya video. Kama mwigizaji ajaribu kukikalia, sijaamua. Wakati mwingine uso wake tu unatosha.