Beta ya pili si ya kukukamua hela

Wiki kadhaa zilizopita niliandikiwa na dada mmoja msomaji: "Kaka, habari za kazi. Jumatatu nimepima mimba kwa damu, imekuja 860. Daktari anataka nirudi Jumatano nipime kilekile, nalipa tena. Mtandaoni wanasema 860 ni kawaida kwa wiki ya tano. Huyu si ananikamua tu?" Aliambatanisha picha ya karatasi ya majibu, na muhuri wa mapokezi ulikuwa umefunika nusu ya saa aliyotolewa damu. Saa hiyo ndiyo niliyoitafuta kwanza, kabla ya 860 yenyewe. Amekubali niandike habari yake bila jina, kwa sababu swali lake naulizwa karibu kila mwezi.

Namba hiyo 860 ni kiwango cha homoni ya mimba kwenye damu, kipimo ambacho wengi tunakiita beta. Nianze na jedwali la mtandaoni la viwango vyake, maana ndilo linaloponza wengi. Limenakiliwa kila mahali: wiki ya nne tangu hedhi ya mwisho, 5 hadi 426, wiki ya tano, 18 hadi 7,340, wiki ya sita, 1,080 hadi 56,500. Hebu itazame hiyo ya tano. Namba ya juu ni zaidi ya mara 400 ya ile ya chini. Kipimo kinachomwita mtu "kawaida" akiwa na 20 na pia akiwa na 7,000 hakijamwambia kitu. Mimba nzuri iliyojishikiza siku chache baadaye inaweza kuwa na 860, inayoelekea kutoka inaweza kuwa na 860, na iliyokwama kwenye mrija nje ya mfuko wa uzazi inaweza kuwa na 860 ileile. Namba moja inathibitisha kwamba mimba ipo, basi. Iko wapi na inaendeleaje, haisemi.

Kinachosema ni mwendo. Homoni hii, ambayo karatasi huiandika Beta hCG, hutolewa na chembe zitakazokuja kuwa kondo la nyuma. Zinapojichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi zinaongezeka kwa kasi, na homoni kwenye damu inapanda nazo. Wiki za mwanzo mimba nyingi nzuri hudabo ndani ya siku mbili hadi tatu. Chembe zikiwa mahali pasipo na lishe ya kutosha, au mimba ikiwa imeanza kuharibika, kasi hiyo kwa kawaida inapungua. Ndiyo maana tunasubiri saa 48. Ukipima kesho yake tu, ongezeko ni dogo na linachanganyika na tofauti ndogondogo za mashine. Ukisubiri wiki nzima, kama mimba iko kwenye mrija umejiweka hatarini.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa simu. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, gawa kwa ya kwanza, zidisha kwa 100. Tuchukue 860 ya huyu dada na tuone Jumatano tatu tofauti.

Jumatano ya kwanza, tuseme ingekuja 1,500. Ongezeko ni 640, sawa na asilimia 74. Hapo daktari anapumua kidogo na kupanga altrasaundi. Kidogo, nimesema, kwa sababu takriban mimba 1 kati ya 5 za nje ya mfuko hupanda vizuri tu kama nyingine. Beta nzuri haijawahi kuonyesha mtoto yuko wapi. Hilo ni la altrasaundi.

Jumatano ya pili ingekuja 380. Imeshuka kwa asilimia 56. Ikishuka kupita nusu ndani ya saa 48, mimba hiyo kuna uwezekano mkubwa haitaendelea. Inauma, na mtu haambiwi "pole, nenda nyumbani" halafu basi. Anafuatiliwa mpaka homoni iishe kabisa.

Jumatano ya tatu ndiyo iliyomtokea: 1,150. Kwa macho, imepanda. Alinitumia kwa furaha, na vidole vya dole gumba vitatu. Lakini 290 kwa 860 ni asilimia 34 tu. Kwa mtu aliyeanza chini ya 1,500, kiwango cha chini kinachotarajiwa kwa saa 48 ni asilimia 49. Akianzia kati ya 1,500 na 3,000, ni 40. Akizidi 3,000, ni 33. Viwango hivyo vimewekwa chini makusudi, ili mimba nzuri inayokwenda polepole isihukumiwe bure: takriban mimba 1 tu kati ya 100 zilizo salama hupanda taratibu kuliko hapo. Kwa hiyo 34 haikuwa hukumu, ila ilikuwa sababu tosha ya kutolala. Nilimjibu kwamba furaha isubiri, arudi kwa daktari siku ileile, na amwambie yale maumivu ya upande wa kushoto ambayo kwangu aliyataja mwishoni kabisa, kama jambo dogo.

Sasa lile suala la saa. Chukua mimba nzuri inayodabo kila baada ya saa 60. Ukiipima saa 48 kamili utakuta imepanda asilimia 74. Mwenyewe akija mapema, katolewa damu Jumatatu saa 8 mchana na Jumatano saa 2 asubuhi, hizo ni saa 42, na ongezeko litasomeka asilimia 62. Mimba ileile, damu ileile, namba imepungua kwa sababu ya ratiba ya daladala. Kwa hiyo hakikisha saa ya kutolewa damu imeandikwa, na isomeke. Ile ya kutoka majibu haina kazi hapa. Kufunga kula hakuhitajiki.

La pili ni maabara. Watu wakikasirishwa na foleni wanahamia kwingine, "kipimo si ni kilekile?" Si kilekile. Homoni hii huzunguka kwenye damu ikiwa nzima na ikiwa vipandevipande, na kila aina ya mashine inavidaka kwa namna yake. Damu moja ukiigawa kwa mashine mbili tofauti unaweza kupata namba mbili tofauti, na zote zimepimwa sawasawa. Ukilinganisha 860 ya huku na 1,150 ya kule, unalinganisha mashine. Ikibidi uhame, hesabu inaanza upya: ya huko mpya ndiyo ya kwanza. Ila mIU/mL na IU/L zisikutishe, ni kipimo kimoja kwa majina mawili.

Na wale wanaomeza vidonge vya nywele na kucha, vingi vina biotini nyingi. Kwenye baadhi ya mashine biotini inashusha beta kwa uongo. Mwambie mtaalamu wa maabara kabla hajakuchoma sindano, hata kama hakuuliza. Aliyechomwa sindano ya kupevusha mayai kliniki ya uzazi naye aseme, maana sindano nyingine ni homoni hiihii na inaweza kuonekana kwenye damu kwa siku 10 hadi 14. Mara chache sana kuna mtu mwenye kingamwili fulani zinazoidanganya mashine ikasoma mimba isiyokuwepo. Hizo hazipiti kwenye mkojo, kwa hiyo damu ikisema ndiyo na mkojo ukaendelea kusema hapana, daktari anayejua kazi yake anashtuka.

Nikiri upande wa pili pia: kuna wakati kurudia kweli ni kupoteza hela. Namba ikishapita 6,000 hivi kasi hupungua yenyewe, kudabo kunaweza kuchukua siku nne au zaidi, na kati ya wiki ya 8 na ya 11 homoni hufika kileleni kisha huanza kushuka kwenye mimba nzuri kabisa. Mtu ameshaonyeshwa mapigo ya moyo ndani ya mfuko wa uzazi, ambayo kwa altrasaundi ya kuingiza ukeni huanza kuonekana karibu na wiki ya sita, halafu anaandikiwa beta kila wiki "tuone inavyokwenda". Hapo una haki ya kuuliza majibu yatabadilisha nini. Mara nyingi hakuna.

Turudi kwa dada yetu. Ijumaa, saa ileile, maabara ileile: 1,480. Ongezeko la asilimia 29. Altrasaundi ya Jumatatu haikuwa imeonyesha kitu, na hilo peke yake halikuwa la ajabu, kwa sababu chini ya 3,500 mfuko wa mimba unaweza usionekane hata mimba ikiwa nzuri. Ya Ijumaa ilionyesha uvimbe mdogo pembeni mwa ovari ya kushoto, na mfuko wa uzazi mtupu. Mimba ilikuwa kwenye mrija, haujapasuka.

Kwa kuwa hakuwa na damu tumboni, beta ilikuwa chini na hakukuwa na mapigo ya moyo huko kwenye mrija, daktari aliona sindano ya methotreksati inatosha badala ya upasuaji, baada ya kupima ini, figo na wingi wa damu. Aliambiwa aache foliki asidi, kwa sababu inapingana na dawa hiyo. Na hapa ndipo alipoandika tena kwa hasira: siku ya 4 beta ilikuja 1,620. "Dawa haifanyi kazi!" Siku ya 4 inaruhusiwa kupanda, chembe zinapokufa humwaga homoni. Kinachotazamwa ni siku ya 4 dhidi ya siku ya 7, na lazima ishuke walau asilimia 15. Yake ilikuja 1,190, imeshuka asilimia 27.

Kisha kila wiki: 540, 160, 31. Kwenye 31 akaniuliza kama anaweza kuziacha hizo za mwisho, maana hela imeisha na tumbo haliumi. Nikamwambia hapana. Mrija unaweza kupasuka hata beta ikiwa inashuka, na tishu zilizobaki zinaweza kuanza kukua upya kimyakimya. Maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega yanayotokana na damu iliyovuja tumboni, hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, uwe na 31 au 3,000.

Jana kanitumia karatasi ya mwisho. Imeandikwa chini ya 5, na safari hii saa inasomeka vizuri.