Kabla ya kulinganisha rekodi za wanaume na wanawake, tazama uzito wa kisahani

Kila ninapopokea kundi jipya la makocha wanafunzi, nawaandikia ubaoni namba mbili za kurusha kisahani, bila majina. Ya kwanza ni mita 76.80, ya pili mita 75.56. Kisha nawauliza ipi ni ya mwanamume. Karibu wote huchagua ya kwanza, na wote hao hukosea. Mita 76.80 ni rekodi ya dunia ya wanawake, iliyowekwa na Gabriele Reinsch mwaka 1988. Mita 75.56 alizirusha Mykolas Alekna mwaka 2025, na hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kufika huko kabla yake.

Jibu liko kwenye chombo chenyewe. Kisahani cha wanaume kina uzito wa kilo 2, cha wanawake kilo 1. Ndivyo ilivyo pia kwenye tufe, kilo 7.26 kwa kilo 4, na mkuki, gramu 800 kwa gramu 600. Viunzi vya wanaume navyo ni virefu zaidi. Mgeni asiyejua haya huchukua jedwali la rekodi, akakuta tufe lina tofauti ndogo, akahitimisha kwamba kwenye kurusha wanawake wamekaribia kuwafikia wanaume. Mimi mwenyewe nilisema hivyo mbele ya darasa mwaka wangu wa kwanza kufundisha, na mwenzangu aliyewahi kurusha tufe akanisahihisha baadaye. Kwa hiyo nawaomba mnaoanza: kama unataka kupima tofauti ya miili, chagua tukio ambalo watu wote wanafanya kitu kilekile. Mbio za mita 1500 zinafaa sana. Umbali ni mmoja, uwanja ni mmoja, na hakuna chombo mkononi.

Tufanye hesabu pamoja. Rekodi ya wanaume ni ya Hicham El Guerrouj, 3:26.00, tangu mwaka 1998. Faith Kipyegon alikimbia 3:48.68 mwaka 2025. Geuza zote ziwe sekunde kwanza, maana makosa mengi ninayosahihisha hutokana na kugawanya dakika na sekunde kana kwamba ni desimali.

```
228.68 − 206.00 = 22.68
22.68 ÷ 206.00 = 0.110
```

Tofauti ni asilimia 11 ya muda wa mwanamume. Andika kila mara umegawanya kwa nini. Kwenye kuruka mbali, Mike Powell ana mita 8.95 na Galina Chistyakova 7.52, ukigawanya tofauti hiyo kwa mruko wa Powell unapata asilimia 16, ukigawanya kwa wa Chistyakova unapata 19. Zote mbili ni sahihi, lakini asiyesema ametumia ipi atawachanganya wasomaji wake.

Asilimia 11 peke yake haimwambii mtu kitu, hivyo ihamishie uwanjani. Kama wangekimbia pamoja, kila mmoja kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, El Guerrouj angevuka mstari wakati Kipyegon amemaliza mita 1351. Angekuwa na mita 149 mbele yake, bado yuko kwenye kona ya mwisho. Sasa linganisha na fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kipyegon alishinda kwa 3:51.29, na Georgia Bell akapata shaba kwa 3:52.61. Kati ya dhahabu na shaba kulikuwa na sekunde 1.32, yaani kama mita 8 na nusu.

Hapa ndipo penye hoja nzima ya kutenganisha makundi, na ningependa mkae nayo kabla ya kusonga mbele. Mashindano ya kiwango cha juu huamuliwa ndani ya mita chache kama hizo. Tofauti ya jinsia ni mita 149. Ukiwaweka wote kwenye fainali moja, mambo tunayotaka mbio zituoneshe, yaani mazoezi, akili ya kupanga mbio, moyo wa dakika ya mwisho, hayatoshi hata kidogo kuziba pengo hilo. Muda wa kufuzu kwa wanaume kwa Paris ulikuwa 3:33.50. Mwanamke mwenye kasi kuliko wote katika historia asingepata hata nafasi ya kuingia kwenye mchujo. Hii haina maana kwamba kila mwanamume anamshinda kila mwanamke. Kipyegon anawaacha karibu wanaume wote duniani. Pengo linalozungumzwa ni la kileleni, bora kwa bora.

Chanzo chake kikubwa ni balehe. Watoto wa kike na wa kiume wa miaka 9 hukimbia kwa kasi zinazokaribiana sana, na kocha wa watoto huliona hilo kila siku. Njia huachana kuanzia kama miaka 12, testosteroni ya wavulana inapopanda. Mwanamume mzima huwa na takriban nanomoli 8 hadi 29 kwa lita, na wanawake walio wengi wako chini ya 2. Homoni hiyo huongeza misuli, urefu na ukubwa wa mifupa, na pia himoglobini, ambayo kwa wanaume huwa juu kwa karibu asilimia 12. Kwa mkimbiaji wa 1500 himoglobini ina uzito mkubwa, kwa sababu ndiyo inayobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Kwa mrukaji, nguvu ya misuli na urefu wa mguu hutangulia, na ndiyo sababu pengo la miruko ni pana kuliko la mbio.

Mwanafunzi makini huuliza: je, si kwa sababu wanawake walicheleweshwa kuingia michezoni? Ni swali la haki. Mbio za 1500 za wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 1972 tu, na marathoni mwaka 1984. Milango ilipofunguliwa pengo lilipungua haraka, na hilo lilikuwa suala la nafasi. Lakini tangu miaka ya 1980 limesimama pale pale, kati ya asilimia 10 na 12 kwenye mbio nyingi, ingawa mazoezi na fedha za wanawake vimeongezeka sana. Angalieni tu msitegemee rekodi za wanawake za miaka ya 1980 peke yake, kwa kuwa dawa za kuongeza nguvu zilitumika kwa mpango wa serikali huko Ujerumani Mashariki. Tumieni pia matokeo ya miaka ya karibuni.

Nani astahili kuingia kundi la wanawake ni swali jingine, na msilichanganye na hili. Shirikisho la riadha duniani limebadili kanuni zake mara kadhaa, na mwaka 2025 lilianza kudai kipimo cha jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y ya kiume. Hesabu ya mita 149 inaeleza kwa nini kuna kundi. Mpaka wake unahitaji ushahidi wake wenyewe, na watu wanaoguswa nao wana haki ya kutajwa kwa heshima.

Wala msibebe maelezo ya balehe kila mahali. Wapanda farasi wa kike na wa kiume hushindana pamoja Olimpiki. Na mwaka 1992 huko Barcelona, Zhang Shan wa China alitwaa dhahabu ya kulenga visahani vinavyoruka kwa bunduki, akiwashinda wanaume. Olimpiki iliyofuata tukio hilo liliachwa kwa wanaume peke yao, na la wanawake likaja mwaka 2000. Hapo mtafute sababu nyingine, si himoglobini.